Kilo Kumi Zikipanda, Kilo Kumi Zikishuka

Dambeli ya kilo 10 haibadiliki uzito njiani. Anayeipandisha kutoka pajani hadi begani, polepole na kwa kasi moja, hutumia msuli wa mbele ya mkono kuvuta kwa nguvu karibu sawa na ile anayotumia kuirudisha chini kwa mwendo huo huo. Hata hivyo, kila aliyewahi kunyanyua vyuma anajua kuwa kupandisha kunamtoa jasho na kushusha ni nafuu. Siku mbili baadaye mkono unauma, na chanzo kikuu cha maumivu ni ile sehemu iliyokuwa nafuu.

Msuli unapokaza na kufupika, kama wakati dambeli inapanda, wataalamu huita mkazo wa konsentriki. Mkono ukisimama nusu ya njia na chuma kikabaki hewani, msuli unakaza bila kubadili urefu: huo ni mkazo wa isometriki. Chuma kikishuka kwa kuzuiliwa, msuli ule ule unaendelea kukaza huku ukirefushwa na mzigo, na hapo ndipo penye mkazo wa eksentriki. Wengi hudhani kwamba wakati wa kushusha kazi inahamia kwenye msuli wa nyuma ya mkono. Haihamii. Ukigusa mkono kwa mbele dambeli ikishuka, utausikia msuli ule ule ukiwa mgumu.

Tofauti ya gharama ilioneshwa waziwazi jijini London mwaka 1952. Bernard Abbott, Brenda Bigland na Murdoch Ritchie walichukua baiskeli mbili, wakazielekeza migongo na kuziunganisha kwa mnyororo mmoja. Mmoja alikanyaga pedali kwenda mbele. Pedali za mwenzake zikazunguka kinyumenyume, naye akazikinza kwa miguu. Kwa kuwa mnyororo ulikuwa mmoja, nguvu za miguu yao zililingana. Walipopima hewa waliyovuta, aliyekuwa akisukuma alitumia oksijeni kiasi cha mara mbili hadi tano ya aliyekuwa akikinza, kutegemea kasi. Jaribio lilipooneshwa mbele ya wanasayansi wa Royal Society, mwanamke mwenye umbo dogo alikinza kwa utulivu hadi kijana wa kiume aliyekuwa akisukuma akachoka.

Sababu iko ndani ya nyuzi za msuli. Humo mna protini iitwayo miosini, yenye vichwa vidogo vinavyoshika uzi wa jirani, kuuvuta, kuachia na kushika tena mbele kidogo, kama mabaharia wanaovuta kamba ya jahazi kwa kupokezana mikono. Katika kufupika, kila kuachia hugharimu nishati. Msuli unaporefushwa, mzigo wenyewe hubandua vichwa vingi kwa nguvu, navyo hushika upya bila kulipa gharama yote ile. Zaidi ya hapo, kichwa kinachovutwa kinyume hukinza kwa nguvu kubwa kuliko kinapovuta chenyewe, na protini nyingine, titini, hukaza kama springi.

Kwa hiyo kila uzi unaorefushwa hubeba zaidi, na ubongo huita nyuzi chache kwa mzigo ule ule. Ndiyo maana kushusha huonekana kwepesi. Ndiyo maana pia mtu aliyeshindwa kabisa kupandisha chuma bado anaweza kukizuia kisianguke: uwezo mkubwa kabisa huwa katika kushusha, wa kati katika kushikilia, na mdogo katika kupandisha. Tena kadiri unavyopandisha kwa haraka ndivyo nguvu inavyopungua.

Lakini nyuzi hizo chache zinabeba mzigo mzito kila mmoja, na baadhi ya vipande vyake hurefushwa kupita kiasi na kuchanika. Wapandaji wa Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hulipata somo hili mapajani. Usiku hupanda kutoka Kibo, mita 4,720, hadi Uhuru, mita 5,895, wakihema sana. Siku hiyo hiyo wengi hushuka mpaka Horombo, mita 3,720. Pumzi inarudi, lakini kwa zaidi ya mita 2,000 kila hatua inakaza msuli wa mbele ya paja huku goti likikunjwa. Maumivu hupamba moto kati ya saa 24 na 72 baadaye, na ngazi za nyumbani husumbua kushuka kuliko kupanda.

Maumivu ya aina hiyo huisha ndani ya siku kadhaa. Mkojo ukigeuka rangi ya chai ya rangi na msuli ukavimba sana, vipande vya msuli vimeingia kwenye damu na vinaweza kuumiza figo; hapo ni kwenda hospitali mara moja. Kwa mwenye afya, mazoezi machache ya kushuka mlima au ngazi wiki moja au mbili kabla ya safari hupunguza sana madhara hayo, hata yasipokuwa makali, kwa kuwa msuli uliorefushwa mara moja huumia kidogo zaidi mara ya pili, na kinga hiyo hudumu kwa wiki kadhaa.