Kutoka Salaita hadi Nairobi: gari uliache wapi?

Anayetoka Salaita kwenda Nairobi kwa gari lake ana njia mbili. Anaweza kupitia Maktau, Mwatate na Voi, au akapanda Njukini hadi Loitokitok. Njia zote mbili hukutana Emali, na kutoka hapo kila mtu hupita Mlolongo na Syokimau kabla ya kuuona mji. Ndiyo maana swali la pakingi ni moja kwa wote: uingie na gari hadi katikati, au uliache Syokimau umalizie kwa treni?

Wako wanaoliacha Voi kabisa na kupanda treni ya SGR. Kwa safari ya kukaa siku kadhaa ni sawa. Kwa shughuli za ofisini haifai sana, kwa sababu treni inayosimama kwenye vituo vya njiani huondoka Mombasa saa mbili asubuhi. Ukishaipandia Voi, utafika Nairobi mchana umeshakwenda, na siku hiyo huenda usihudumiwe popote.

Kituo cha Syokimau kilifunguliwa Novemba 2012, na tangu mwanzo kilijengewa uwanja wa magari ili watu wa Mlolongo na Athi River waache magari hapo. Usikichanganye na kituo kikubwa cha SGR kilicho jirani. Mgeni akiuliza tu "stesheni iko wapi" huonyeshwa kile kikubwa. Wewe uliza treni ya abiria wa mjini, ile inayoishia stesheni ya zamani karibu na Barabara ya Haile Selassie. Ukishuka hapo, Nyayo House unafika kwa miguu.

Sasa tupige hesabu. Chukua gari dogo, petroli shilingi 180 kwa lita (bei hubadilishwa na EPRA kila tarehe 14 ya mwezi, kwa hiyo weka ya siku yako). Syokimau hadi katikati ya mji na kurudi ni kama kilomita 36. Katika jamu ya asubuhi gari hilo huenda kilomita tisa tu kwa lita, basi ni lita nne, shilingi 720. Ongeza pakingi ya kaunti, tuweke 300, upate 1,020. Ukipanda barabara ya juu ya kulipia, jumla inazidi kupanda: tangu Januari 2024 gari dogo hulipa 500 kutoka Mlolongo hadi Westlands kwa safari moja, na pungufu ukishuka mapema.

Kwa upande wa treni, weka nauli 100 kwenda na 100 kurudi, na pakingi 200 kwa siku. Jumla ni 400. Mtu mmoja ameokoa zaidi ya nusu. Wakiwa wawili ni 600, bado kuna faida. Lakini wakiwa wanne, nauli peke yake ni 800, na pamoja na pakingi inafika 1,000. Hapo akiba ni kama imekwisha, na kama mmoja wao ni mama mzee anayekwenda kliniki, ningewashauri waingie na gari bila kusita.

Kikwazo kikubwa cha treni hii ni saa zake. Imepangwa kwa ajili ya wafanyakazi: asubuhi huwaingiza mjini, jioni huwatoa. Ukimaliza shughuli zako saa sita mchana huenda ikakubidi urudi Syokimau kwa matatu, na nauli ya matatu hupanda jioni na mvua inaponyesha. Kabla ya kupanda asubuhi, uliza dirishani treni ya mwisho ya kurudi inatoka saa ngapi.

Ukikosa nafasi stesheni, pembeni ya barabara zipo ploti za watu binafsi na vituo vya mafuta vinavyolaza magari. Bei ya huko inaweza kuwa nafuu, ila itazame risiti kwa makini. Iwe na namba ya gari, tarehe na saa ya kuingia. Risiti isiyo na namba ya gari haikusaidii kitu gari likikwaruzwa. Wengine hutaka uache ufunguo ili wapate kuyasogeza magari yaliyobanana. Afadhali ulipe zaidi pahali ambapo ufunguo unabaki mfukoni mwako. Piga picha ya gari pande zote na ya dashibodi inayoonyesha kilomita.

Na usipange kurudi Salaita jioni hiyohiyo. Safari ya kupitia Voi ni zaidi ya kilomita 400, na kutoka Mwatate kwenda Maktau ndovu wa Tsavo huvuka barabara usiku. Utalala Nairobi, na gari nalo litalala. Kwa hiyo uliza bei ya saa 24, si ya mchana peke yake, na uulize pia kama lango hufungwa usiku na hufunguliwa saa ngapi alfajiri.