Sikio la mtoto likiuma: Antibiotiki leo, au kungoja hadi Alhamisi?

Mtoto amekuwa na mafua kwa siku tatu au nne. Usiku wa Jumatatu anaamka akilia, anashika sikio lake na hataki kulilalia. Jumanne asubuhi unamfikisha kliniki, daktari anachungulia ndani ya sikio kwa kitochi chake chenye kidomo, kisha anakuambia umpe mtoto dawa ya maumivu na umrejeshe Alhamisi ikiwa hatakuwa na nafuu. Hakuna antibiotiki.

Wazazi wengi hutoka hapo wakinung'unika kwamba wamelipa pesa za bure. Baadhi yao hupitia duka la dawa na kujinunulia chupa waliyoizoea. Jambo linalowachanganya zaidi ni kwamba mtoto wa jirani, aliyekuwa na sikio bovu wiki iliyopita, alipewa antibiotiki siku hiyo hiyo. Je, nani kati ya madaktari hao wawili alikosea? Huenda hakuna aliyekosea.

Ili kuelewa sababu, ni lazima kwanza ujue maumivu hayo yanatoka wapi. Nyuma ya kiwambo cha sikio, ile ngozi nyembamba inayotetema tunaposikia sauti, kuna chumba kidogo chenye hewa kiitwacho sikio la kati. Chumba hicho kimeunganishwa na sehemu ya nyuma ya pua kwa mrija mwembamba. Kwa mtu mzima mrija huo umeinama vizuri, lakini kwa mtoto mdogo ni mfupi na umelala karibu sambamba na sakafu. Mafua yanapoufanya uvimbe na kuziba, majimaji hukwama ndani ya chumba, na viini kutoka puani huzaana humo. Usaha unapoongezeka, kiwambo husukumwa nje, na hapo ndipo kilio huanza.

Viini hivyo vyaweza kuwa virusi, bakteria, au vyote pamoja. Antibiotiki haiwezi kufanya lolote dhidi ya virusi. Hata pale bakteria wanapohusika, mwili wa mtoto mwenye afya mara nyingi huwamaliza wenyewe. Mwaka wa 1985 daktari van Buchem na wenzake wa Uholanzi walitangaza matokeo ya watoto 4,860 wa kuanzia miaka 2, ambao mwanzoni walipewa dawa ya maumivu na matone ya pua tu. Zaidi ya 90 kati ya kila 100 walipona katika siku chache. Wawili tu kati ya wote walipata uvimbe wa hatari katika mfupa ulio nyuma ya sikio.

Utafiti mwingi umefanywa tangu wakati huo, na ulipojumlishwa ulionyesha mambo mawili ambayo kila mzazi anafaa kuyajua. La kwanza ni kwamba baada ya saa 24, watoto wapatao 60 kati ya 100 huwa wamepata nafuu, wawe wamepewa antibiotiki au la. Dawa hiyo haitulizi maumivu ya usiku wa kwanza. La pili ni kwamba katika siku zinazofuata, inabidi watoto kama 20 wapewe antibiotiki ili mmoja wao aepushwe maumivu, ilhali kati ya kila 14 wanaoinywa mmoja hupata kuhara, kutapika au vipele kwa sababu yake.

Ukiishia hapo utadhani antibiotiki haina kazi. La hasha! Hesabu hiyo imechanganya watoto wa kila namna. Watafiti walipowatenga kwa makundi, mwaka wa 2006, picha ilibadilika. Miongoni mwa watoto wa chini ya miaka 2 walioathirika masikio yote mawili, 55 kati ya 100 ambao hawakupewa antibiotiki walikuwa bado na maumivu au homa kati ya siku ya tatu na ya saba, lakini waliopewa walikuwa 30 pekee. Kwa watoto ambao sikio lilikuwa likitoa usaha, tofauti ilikuwa kubwa hata zaidi: 60 dhidi ya 24. Hapo ndipo ulipo msingi wa uamuzi wa daktari. Dawa ni ile ile, ila watoto ni tofauti.

Basi tumchukue mtoto mmoja tumpime. Ni msichana wa miaka 2 na miezi 7, mwenye uzani wa kilo 12. Sikio la kulia linamuuma tangu jana usiku na joto lake ni nyuzi 38.2. Amekunywa uji kidogo, na akipewa dawa ya maumivu anacheza.

Daktari kwanza atataka kukiona kiwambo chenyewe. Kikiwa kizima huwa na rangi ya kijivu na hupitisha mwanga. Kikiwa na maambukizi huwa kimefura kuelekea nje, kama puto dogo, na mara nyingi ni chekundu au cha manjano. Kufura ndiyo dalili ya kutegemewa. Wekundu peke yake hautoshi, kwa maana mtoto anayepiga mayowe mikononi mwa daktari hugeuka mwekundu kila mahali, hata kwenye kiwambo. Pia kuna watoto ambao daktari huona majimaji nyuma ya kiwambo lakini hakuna kufura wala maumivu. Hao hawahitaji antibiotiki, bali kuangaliwa tena baadaye kama yamekauka.

Kwa msichana wetu, kiwambo cha kulia kimefura na cha kushoto ni kizima. Sasa maswali yanafuata. Je, ametimiza miaka 2? Ndiyo. Je, joto limefika nyuzi 39? La. Je, maumivu ni makali yasiyosikia dawa, au yamepita saa 48? La. Je, sikio linatoa usaha? La. Je, ana utapiamlo, anaishi na virusi vya Ukimwi, au aliugua sikio hilo hilo mwezi huu? La. Huyu ni mtoto wa kungojewa.

Badilisha jambo moja na jibu hubadilika. Angekuwa na miezi 14 na masikio yote mawili yamefura, angepewa antibiotiki leo, hata bila homa kali. Angekuwa chini ya miezi 6 hangengojewa hata kidogo, kwa kuwa mtoto wa umri huo hudhoofika upesi na ni vigumu kujua ugonjwa umefika wapi. Mtoto wa kati ya miezi 6 na miaka 2 mwenye sikio moja tu bovu, tena bila homa kali, yuko katikati. Hapo daktari na mzazi hukubaliana.

Kuna swali jingine ambalo huenda daktari akakuuliza, nawe ukadhani ni la porojo tu: unaishi wapi, na unaweza kurudi? Mama anayesafiri kesho kwenda mashambani, ambako hospitali iko mbali, hawezi kuambiwa arudi Alhamisi. Ndiyo maana baadhi ya madaktari humwandikia mzazi karatasi ya dawa na kumwagiza asiinunue mpaka saa 48 hadi 72 zipite bila nafuu, au hali izorote. Kwa maoni yangu mpango huu unafaa sana kwa mtoto aliyeletwa Ijumaa jioni.

Kungoja huku si kukaa bure. Maumivu yatibiwe kikamilifu tangu saa ya kwanza. Msichana wetu wa kilo 12 anahitaji parasetamoli ya miligramu 180, ambayo ni mililita 7.5 za ile ya maji yenye miligramu 120 kwa kila mililita 5. Apewe kila baada ya saa 6, wala isizidi mara nne kwa siku. Wazazi wengi hutoa kijiko kimoja kidogo wakati wa kulala, kisha wanalalamika kwamba dawa haifanyi kazi. Usimpe aspirini. Usimtie mafuta, maji ya kitunguu wala maziwa ya mama sikioni, kwa sababu ikiwa kiwambo kimetoboka vitu hivyo huingia hadi ndani. Hata matone ya dukani usiyatie kabla sikio kukaguliwa. Baadhi yana dawa inayoweza kudhuru neva za kusikia ikipita kwenye tundu.

Alhamisi ikifika, na maumivu au homa ingali pale, kungoja kumekwisha. Dawa ya kwanza kwa kawaida ni amoksilini, ya miligramu 80 hadi 90 kwa kila kilo kwa siku. Kwa kilo 12 hiyo ni karibu miligramu 1,000, zigawanywe mara mbili. Ikiwa chupa ina miligramu 250 kwa kila mililita 5, mtoto atakunywa mililita 10 asubuhi na 10 jioni, na chupa ya mililita 100 itamalizika kwa siku 5 kamili. Lakini kuna chupa nyingine inayofanana nayo yenye miligramu 125 tu. Ukiinunua hiyo bila kusoma, mtoto atapata nusu ya dawa, na bakteria walio wagumu kidogo ndio watakaosalia. Mtoto aliyewahi kuvimba au kutoka vipele kwa penisilini asipewe dawa hii. Mwambie daktari mapema. Idadi ya siku daktari ndiye ataisema, kwa maana wadogo zaidi huongezewa.

Ukienda katika zahanati ambayo haina kifaa cha kutazama ndani ya sikio, usishangae mhudumu akitoa amoksilini mara moja. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kuhudumia watoto wa chini ya miaka 5 katika vituo kama hivyo unaelekeza kwamba mwenye maumivu ya sikio, au usaha wa chini ya siku 14, apewe antibiotiki ya siku 5. Mtu asiyeweza kuona kiwambo hawezi kuchagua nani angoje, kwa hivyo anachagua njia iliyo salama. Usaha uliopita siku 14 ni ugonjwa tofauti, na hutibiwa kwa matone maalum na kukausha sikio kwa kitambaa safi kilichosokotwa, mara tatu kwa siku.

Kuna dalili ambazo hazingoji Alhamisi wala kesho. Uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio, hasa sikio likionekana limesukumwa mbele, shingo kukakamaa, uso kulegea upande mmoja, degedege, kutapika kila kitu, au mtoto kulala kiasi cha kutoamshika. Hapo nenda hospitali usiku huo huo.

Mtoto akishapona, usishtuke ukimwita asiitike upesi. Majimaji yanaweza kubaki nyuma ya kiwambo kwa wiki kadhaa, yawe yalitibiwa kwa antibiotiki au la, na kwa watoto wengi hukauka katika miezi 3. Yakizidi hapo, au mwalimu akikuambia mtoto hasikii darasani, mrudishe akapimwe masikio.