Kioo Kimevunjika, Mwenye Nyumba Hajajua

Kwenye nyumba nyingi za kupanga Dar es Salaam mpangaji hulipa kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, na mara nyingi hakuna fedha ya dhamana iliyowekwa pembeni. Kioo kikivunjika, mwenye nyumba hana pa kukata. Anachobaki nacho ni neno la mpangaji wake. Ndiyo maana ujumbe wa kwanza unaotumwa baada ya ajali una uzito mkubwa, na ndiyo maana unastahili kuandikwa kwa makini kuliko ule wa kukumbushana bili ya maji.

Kabla ya kuomba radhi, hakikisha kosa ni lako kweli. Kioo chenyewe husema. Kilichopigwa na mpira au jiwe huwa na sehemu moja iliyopondeka, na nyufa hutawanyika kutoka hapo kuelekea pande zote. Kilichopasuka kwa joto hakina alama ya pigo: ufa mmoja huanzia ukingoni, huingia ndani ukiwa umenyooka, kisha hupinda na kuzurura. Hilo hutokea zaidi kwenye vioo vya rangi, kwa sababu hunyonya joto la jua. Katikati ya kioo hutanuka huku ukingo uliojificha ndani ya fremu ukibaki na ubaridi, mpaka kioo kinaachia. Kwenye nyumba za zamani zenye fremu za chuma, hasa karibu na bahari, kutu huvimba na kukibana kioo hadi kikapasuka bila kuguswa na mtu. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 inamtaka mpangaji arudishe nyumba katika hali aliyoikuta, ila haimbebeshi uchakavu wa kawaida wala ajali ambayo haikutokana na uzembe wake au wa watu wake. Kwa hiyo ufa wa joto au wa kutu unatolewa taarifa tu, isipokuwa kama mkataba wenu umesema vingine. Mpira wa mtoto uliopigiwa sebuleni ni habari tofauti.

Tuchukue mfano huo. Dirisha ni la aluminiamu, lile la kusukuma, lenye vioo viwili vya bluu, na cha kulia kimevunjika saa kumi jioni. Mpangaji anawatoa watoto chumbani, anavaa viatu, anaokota vipande vikubwa kwa kitambaa kinene na kupitisha tambara bichi sakafuni kuzoa vile vidogo. Kisha anazima taa na kulaza tochi ya simu sakafuni, maana mwanga wa chini huonyesha chembe ambazo jicho limezipita. Vipande vinaingia kwenye boksi lililofungwa na kuandikwa “vioo”, ili wazoa taka wasikatwe mikono. Kipande kimoja anakihifadhi, nacho kitamfaa dukani. Anapiga picha, anaziba uwazi kwa boksi na plastiki, halafu anaandika siku hiyo hiyo, kabla jirani hajamtangulia:

“Shikamoo mama. Samahani, nina taarifa isiyo nzuri. Leo saa kumi jioni mwanangu alikuwa anacheza mpira sebuleni, ukapiga dirisha la upande wa barabarani. Kioo cha kulia kimevunjika. Hakuna aliyeumia. Kosa ni letu, naomba utuwie radhi. Nimeondoa vipande na kuziba kwa muda, grili ni nzima. Naomba ruhusa yako nimlete fundi Jumamosi aweke kioo cha rangi na unene ule ule. Gharama zote ni zangu, sitazikata kwenye kodi. Kama una fundi wako, nipe namba yake nimtumie yeye. Nimekutumia na picha.”

Mwenye nyumba akisikia kioo kimevunjika hufikiri mambo mawili haraka: wezi na fedha. Maneno “grili ni nzima” yanajibu la kwanza. La pili linajibiwa na “sitazikata kwenye kodi”, na hapa wapangaji wengi wema huharibu. Huandika “nitarekebisha” na kuishia hapo, kisha kodi inayofuata inakuja pungufu na risiti ya fundi imeambatanishwa. Kwa mpangaji lilikuwa jambo la kawaida, kwa mwenye nyumba ni ahadi iliyogeuzwa. Kama unalipa wewe, taja kwamba unalipa kioo, usafiri na ufundi. Kama huna fedha hadi mwisho wa mwezi, sema hivyo hivyo na utaje tarehe.

Kuomba ruhusa nako kuna sababu yake. Kubeba gharama hakumpi mpangaji haki ya kuchagua dirisha la mtu litafananaje. Nimeona nyumba yenye vioo vya bluu mbele nzima, katikati pameng’aa kimoja cheupe kilichowekwa kimyakimya, na mpangaji akashangaa kwa nini alikasirikiwa wakati alilipa mwenyewe.

Tuseme mama anajibu: “Marahaba mwanangu, poleni. Mtumie fundi aliyefunga madirisha yale, namba hii hapa.” Hilo ni jibu jema, ila mpangaji aulize bei kabla kazi haijaanza na amjulishe mama. Anachodaiwa ni kioo kimoja kinachofanana na kilichovunjika. Fundi akisema dirisha zima libadilishwe kwa kuwa reli zimechakaa, reli hizo hazikuvunjwa na mpira, na inafaa kulisema hilo kwa adabu kabla mtu hajatoa fedha.

Kipande kilichohifadhiwa sasa kinakwenda dukani. Rangi ya bluu ina aina zaidi ya moja, na picha ya simu hudanganya. Unene nao una maana: mpira unaokishika kioo hutengenezwa kwa unene fulani, na ukiweka kioo cha milimita 4 palipokuwa na cha milimita 5, kitacheza na kugonga kila upepo ukivuma. Kama kioo kilichovunjika kilitawanyika kuwa punje ndogo butu badala ya vipande virefu vyenye ncha, kilikuwa kioo kilichoimarishwa kwa joto. Hicho hakikatwi dukani, huagizwa kwa kipimo chake kamili, hivyo bei na siku za kusubiri huongezeka. Bora mama ajue hilo mapema kuliko kuahidiwa Jumamosi isiyofika.

Kipimo achukue fundi mwenyewe. Kioo huingia ndani ya fremu pande zote, hivyo anayepima sehemu inayoonekana pekee atarudi na kioo kifupi. Fundi hunyanyua upande ule wa dirisha na kuutoa kwenye reli, hufungua skrubu, hutenganisha fremu, huzungushia kioo kipya mpira na kufunga tena, akiacha nafasi ndogo ili kioo kipate pa kutanukia jua likiwaka. Kikibanwa mno kitapasuka chenyewe.

Fundi asiondoke kabla dirisha halijasukumwa mara kadhaa, kufuli halijajaribiwa na kioo hakijagongwa kidogo kwa kidole kusikiliza kama kinacheza. Mwagia maji kwa nje uone kama yanapenya. Kisha mtumie mama picha na nakala ya risiti, nawe ubaki na risiti yenyewe na namba ya fundi. Ufa ukitokea ukingoni baada ya wiki chache bila mtu kukigusa kioo, wa kwanza kupigiwa simu ni fundi.