Kapsuli za NAC si sabuni ya ini

Msomaji, tuseme unaishi Kiogoro na jino limekusumbua tangu Ijumaa. Unameza tembe za parasetamoli kila maumivu yakirudi, na juu yake dawa ya mafua ambayo nayo ina parasetamoli ndani, ila hukusoma pakiti. Mtu mzima hafai kupita gramu 4 kwa siku, yaani tembe 8 za miligramu 500. Wewe umepita, na unahisi kichefuchefu kidogo tu, au huhisi lolote. Ini huumia kimyakimya; macho ya manjano huja baada ya siku kadhaa.

Hapo ndipo asetilisisteini, ile inayoandikwa NAC kwenye chupa, huonyesha kazi yake halisi. Ini linapoivunja parasetamoli, sehemu ndogo hugeuka sumu. Ini huizima kwa kinga yake iitwayo glutathioni, lakini dawa ikizidi, kinga hiyo huisha. NAC hulipa ini malighafi ya kuitengeneza upya. Aliyemeza dozi kubwa kwa mara moja akitibiwa kabla ya saa 8 kupita, ini lake karibu kila mara huokoka.

Je, ununue chupa ujitibu? Hebu tupige hesabu. Kwa mgonjwa wa kilo 60, utaratibu wa kunywa huanza na miligramu 8,400, yaani kapsuli 14 za miligramu 600. Kisha hupewa 4,200 kila baada ya saa 4, mara 17. Jumla ni kapsuli 133, na akitapika katika saa ya kwanza dozi hiyo hurudiwa! Ndiyo maana kazi hii huachiwa hospitali, ambako dawa huweza kupitishwa kwenye mshipa na damu kupimwa. Kutoka Kiogoro, panda gari uende Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii, na ubebe pakiti za ulichomeza. Usingoje dalili.

NAC pia hulainisha makohozi mazito, kwa kawaida miligramu 600 kwa siku. Mwenye pumu amwone daktari kwanza, kwani inaweza kumbana kifua.

Wauzaji nao husema husafisha ini la mlevi, hung'arisha ngozi na kuondoa maumivu ya kichwa ya asubuhi baada ya pombe. Hayo hayajathibitishwa. Ini zima hujitengenezea kinga yake kutokana na maharagwe, mayai na samaki wa kila siku.

Tumbo ndilo hulalamika kwanza: kichefuchefu, kiungulia, kutapika, kuhara. Harufu ya yai viza ukifungua chupa isikutishe. Ni salfa iliyomo. Imeze pamoja na chakula na maji ya kutosha. Lakini ikiwa una vidonda vya tumbo, usiianze bila daktari, maana kama inavyolainisha makohozi, huweza kulainisha ute unaokinga tumbo. Ukitapika damu au ukipata choo cheusi kama lami, acha kapsuli na uende hospitali siku hiyo hiyo.