Herufi Zenye Vikofia: Kuisaka Saa Inayokimbia Ndani ya Chipu

Bodi ndogo ya kupimia joto, yenye chipu ya ATmega328P, imeunganishwa na kompyuta kupitia adapta ya USB. Kila baada ya muda inatakiwa kutuma maneno `Joto 31`. Kwenye skrini yanatokea haya: `Êïôï ³±`. Fundi anabadilisha waya, matokeo ni yaleyale. Anabadilisha adapta, yaleyale. Anaipitia programu mstari kwa mstari na haoni kosa.

Ukitazama vizuri, uharibifu huu una mpangilio. Idadi ya herufi haijabadilika, nafasi kati ya neno na namba iko mahali pake, na kila o imegeuka kuwa ï bila kukosea hata mara moja. Kelele za umeme hazina nidhamu ya namna hiyo. Kosa linalojirudia hivi lina sababu moja, na mara nyingi sababu hiyo ni muda: kuna biti inayosomwa wakati ambapo tayari imeshapita.

Ili kuiona, inahitajika lojiki analaiza. Ni kifaa kinachotazama waya mara nyingi kwa sekunde na kuandika jambo moja tu: sasa hivi volti ziko juu au ziko chini? Aina za bei nafuu zenye njia 8 huchomekwa kwenye USB na kufanya kazi na programu ya bure iitwayo PulseView. Kompyuta huchora mistari inayopanda na kushuka, na kila ukingo wa mstari una muda wake kamili. Hapo ndipo kifaa hiki kinapoishinda programu ya kawaida ya kupokea maandishi, ambayo huonyesha herufi iliyokwisha kutafsiriwa bila kueleza ilifikaje.

Kabla ya kupima, ni lazima kuelewa kinachotarajiwa kwenye waya. Mawasiliano haya, yanayoitwa UART, hayana waya wa tatu wa kupiga mapigo ya saa. Mtumaji na mpokeaji wanakubaliana mwendo mapema, kwa mfano baudi 9600, yaani biti 9600 kwa sekunde. Kila biti basi hudumu mikrosekunde 104.17. Baada ya hapo kila upande huhesabu kwa saa yake, kama watu wawili wanaosikia kofi moja kisha kila mmoja akahesabu kimoyomoyo.

Kofi lenyewe ni biti ya kuanzia. Waya ukiwa umetulia huwa juu. Mtumaji akitaka kusema, huushusha kwa muda wa biti moja. Zinafuata biti 8 za herufi, ile yenye thamani ndogo ikitangulia, kisha biti ya kumalizia ambayo ni lazima iwe juu. Mpokeaji huanza kuhesabu pale waya uliposhuka, na husoma kila biti katikati yake. Ya kwanza huisoma biti moja na nusu baada ya mshuko, ya pili baada ya biti mbili na nusu, na kuendelea hivyo hadi biti ya kumalizia, ambayo huikagua baada ya biti tisa na nusu.

Herufi inayofuata huja na mshuko mpya, na hesabu huanza upya. Kwa hiyo tofauti ya saa haijikusanyi mchana kutwa. Hujikusanya ndani ya herufi moja tu. Mpaka kufikia biti ya kumalizia, mpokeaji akikosea kwa nusu biti ameshatoka nje ya biti aliyokusudia. Nusu gawanya kwa tisa na nusu ni takriban asilimia 5. Huo ndio ukomo wa nadharia. Kwenye chipu halisi ukomo ni mdogo zaidi, kwa sababu mpokeaji huchelewa kidogo kuutambua mshuko, na kwa sababu saa zote mbili zinagawana nafasi hiyohiyo ya kukosea.

Sasa kipimo. Klipu ya ardhi ya lojiki analaiza inafungwa kwenye GND ya bodi, maana bila ardhi ya pamoja kinachosomwa hakina maana. Klipu ya njia ya kwanza inashikwa kwenye pini ya TX ya chipu. Tahadhari moja hapa: kwenye bandari za zamani za RS-232 volti huweza kufika 12 juu na 12 chini ya sifuri. Lojiki analaiza nyingi za bei nafuu zimetengenezwa kwa volti 5, na zikigusishwa huko zinaungua. Pini ya chipu yenyewe ni salama.

Kisha programu ya bodi inabadilishwa kwa muda ili itume herufi moja tu: U kubwa. Si kwa bahati. Kwa biti, U ni 01010101. Ikitanguliwa na biti ya kuanzia na kufuatwa na ya kumalizia, waya unabadilika kila biti: chini, juu, chini, juu, mara kumi. Hakuna biti mbili zinazofanana zikiandamana, hivyo kila mpaka wa biti unaonekana kwa macho.

Kosa la kawaida hapa ni kupima biti moja. Kifaa kikitazama waya mara milioni moja kwa sekunde, kila ukingo unaweza kukosewa kwa mikrosekunde nzima, na kwa biti moja hilo ni karibu asilimia 1. Ni bora kupima kutoka mshuko wa kwanza hadi mpando wa mwisho, pale biti ya kumalizia inapoanza. Hapo ni biti 9 kamili, na mikrosekunde ileile ya shaka inagawanywa kwa tisa. Kwa baudi 9600 jibu linalotarajiwa ni mikrosekunde 937.5.

Tuseme bodi yetu inatoa 884. Gawanya kwa 9, unapata mikrosekunde 98.2 kwa biti, yaani baudi 10,181. Mtumaji anakimbia kwa asilimia 6.

Namba hiyo inaeleza vile vikofia vyote. Biti ya mwisho ya herufi, ambayo kwa herufi na namba za kawaida ni sifuri, kwa mtumaji huyu inamalizika mikrosekunde 884 baada ya mshuko. Mpokeaji, kwa saa yake ya 9600, anakuja kuisoma mikrosekunde 885.4. Amechelewa kwa mikrosekunde moja na kitu. Anachokuta ni biti ya kumalizia, ambayo ni moja. Biti ya thamani kubwa kuliko zote imegeuka kutoka sifuri kuwa moja, na herufi imeongezewa 128. Kwenye jedwali la Latin-1, J iliyoongezewa 128 ni Ê, o ni ï, t ni ô, 3 ni ³ na 1 ni ±. Nafasi nayo hugeuka kuwa nafasi nyingine isiyoonekana, ndiyo maana ilionekana kuwa mahali pake.

Hali hii hutokea herufi zikiwa na pumziko kati yake. Zikitumwa zikiwa zimeshikana, mpokeaji anapokuja kukagua biti ya kumalizia anakuta herufi inayofuata imeshaanza na waya uko chini. Hapo PulseView huandika `Frame error`, na maandishi huvurugika kabisa. Mtumaji akiwa mzito kwa kiasi kilekile, dalili ni tofauti: herufi inasomwa sawasawa, lakini kwenye biti ya kumalizia mpokeaji anakuta sifuri ya biti ya mwisho bado haijaondoka. Kwa hiyo herufi zenye vikofia humwelekeza fundi kwa mtumaji anayekimbia, na herufi sahihi zenye `Frame error` kwa mtumaji anayechelewa, hata kabla hajapima chochote.

Ushahidi wa pili unapatikana kwa kuiambia programu itafsiri waya uleule kwa mwendo uliopimwa. Kwa wanaotumia amri, ni hivi:

```
sigrok-cli -d fx2lafw -c samplerate=1m --time 2000 \
  -C D0 -P uart:rx=D0:baudrate=10169 -A uart
```

Namba ya mwendo haihitaji kulingana hadi tarakimu ya mwisho; 10169 na 10181 zinatofautiana kwa sehemu ndogo mno ya asilimia. Ikiwekwa 9600, jibu ni D5, ile U iliyoharibika. Ikiwekwa karibu na 10,181, jibu ni 55, yaani U safi. Waya ni mzima, biti zote zimefika, ila zimefika mapema. Ndiyo sababu kipengele cha kukisia mwendo chenyewe, ambacho programu nyingi za aina hii zinacho, ni cha kutumiwa kwa uangalifu: kitaonyesha maandishi safi kabisa na kulificha kosa ambalo fundi analitafuta.

Bado haijajulikana nani ana hatia, kwa sababu huenda adapta ndiyo inayokosea. Klipu inahamishiwa kwenye TX ya adapta na U inatumwa kutoka kwenye kompyuta. Ikitoa takriban 937.5, adapta haina lawama.

Ndani ya chipu kuna washukiwa watatu, na umbo la kosa huwatenganisha. Kama biti moja tu imerefuka na nyingine ni sawa, programu inatuma biti kwa mkono na kuna kazi nyingine inayoikatiza katikati. Kama biti zote zimekosea sawasawa, ni kigawanyo cha mwendo au ni saa yenyewe. Mwendo unashushwa hadi 4800 na kipimo kinarudiwa. Kigawanyo kikiwa ndicho kibovu, asilimia ya kosa hubadilika, kwa kuwa kila mwendo una kigawanyo chake. Ikibaki asilimia 6 ileile, ni saa.

Kwa bodi yetu inabaki ileile. Chipu hii imewekwa itumie saa yake ya ndani ya megahezi 8, isiyo na kristali. Kwa baudi 9600 saa hiyo hugawanywa kwa 832, na megahezi 8 kamili zingetoa baudi 9615, kosa lisilofika asilimia 0.2. Kurudi nyuma kutoka 10,181, saa inaonekana kuwa megahezi 8.47. Chipu haijaharibika: karatasi ya mtengenezaji inaruhusu saa hiyo ya ndani kupotoka hadi asilimia 10 inapotoka kiwandani, kwa volti 3 na nyuzi joto 25.

Kuna tiba mbili. Ya kwanza ni rejista iitwayo `OSCCAL`, ambayo hurekebisha saa ya ndani. Thamani yake inapunguzwa moja moja huku U zikiendelea kutumwa na kipimo kikitazamwa, hadi biti 9 zifikie mikrosekunde 936, ambayo ndiyo 9615. Kwa njia hii saa inaweza kuletwa ndani ya asilimia 1. Lakini saa hiyo huyumba joto na volti zinapobadilika, na bodi iliyorekebishwa kwenye chumba chenye ubaridi inaweza kuanza tena kukosea ikiwekwa juu ya bati la mchana. Kipimo kirudiwe kwenye joto ambalo bodi itafanyia kazi.

Tiba ya pili ni kuweka kristali ya nje na kuibadilisha mipangilio ya chipu iitumie. Kosa la kristali huhesabiwa kwa sehemu katika milioni, si kwa asilimia. Kama baada ya hapo vikofia bado vinaonekana huku biti zote zikiwa na urefu sahihi, lojiki analaiza imefika mwisho wa uwezo wake. Yenyewe huona juu na chini tu. Ukingo unaopanda polepole au volti zinazosuasua katikati haizioni, na kazi inayofuata ni ya osiloskopu.