Upepo Unaopozwa Kabla ya Kuingia Motoni

Pajero za dizeli za miaka ya 1990 zilikuwa na maandishi makubwa ubavuni yaliyotaja tabo na intakula kwa pamoja, na wengi wetu tuliyasoma bila kujua yanasema nini. Tabo tuliielewa kidogo: ni ile inayopiga mluzi gari likikanyagwa mafuta. Intakula ilibaki jina tu. Hata leo ukiuliza kijiweni utajibiwa kwamba ni rejeta ndogo ya kupozea injini. Sivyo. Inafanana na rejeta, na kwenye malori mengi hukaa mbele yake kabisa, lakini ndani ya intakula ya namna hiyo hamna maji. Kinachopita humo ni upepo ambao injini iko karibu kuumeza.

Kwa nini upepo upozwe? Shika pampu ya baiskeli na ujaze tairi kwa nguvu. Baada ya muda utasikia sehemu ya chini ya pampu imepata moto. Wengine husema ni msuguano, na msuguano upo, ila joto kubwa linatoka kwenye upepo wenyewe. Ukiushindilia upepo, unaufanyia kazi, na kazi hiyo haipotei, bali inabaki ndani yake kama joto. Tabo ni pampu ya namna hiyo, isipokuwa yenyewe huzunguka makumi ya maelfu ya mara kwa dakika. Moshi wa ekzosi unasukuma gurudumu la upande mmoja, nalo linazungusha gurudumu la upande wa pili linaloshindilia upepo kuelekea kwenye injini. Watu hudhani upepo huo unapata moto kwa sababu tabo imeshikana na ekzosi. Hilo linachangia kidogo tu. Hata ungeizungusha tabo kwa mota ya umeme, mbali kabisa na moshi, upepo ungetoka wa moto.

Unakuwa wa moto kiasi gani? Tuchukue lori la silinda sita, kila silinda ya lita 2, siku ya nyuzi 30 karibu na pwani. Bila tabo, na tukiacha upungufu mdogomdogo, kila silinda ingevuta gramu 2.3 hivi za hewa. Sasa tabo inashindilia hewa hadi shinikizo mara mbili ya lile la nje. Mtu angetarajia gramu zifike 4.6. Hazifiki. Tabo ya kawaida ikifanya kazi hiyo, hewa inatoka ikiwa na nyuzi kama 125, na hewa ya moto hutanuka. Chembe zake zinakimbia huku na huko na kudai nafasi kubwa zaidi, kwa hiyo katika lita zilezile 2 zinaingia gramu 3.5 tu. Tumeongeza shinikizo maradufu, lakini hewa yenyewe imeongezeka kwa nusu. Sehemu ya shinikizo tulilolipata ni joto tupu, na joto halichomi mafuta. Kinachochoma mafuta ni oksijeni, nayo huhesabiwa kwa uzito.

Hapo ndipo intakula inapoingia. Imetengenezwa kwa mirija bapa ya aluminiamu iliyopangwa sambamba, na katikati ya mirija kuna vibati vyembamba vilivyokunjwakunjwa kama karatasi ya feni ya mkono. Hewa ya moto inapita ndani ya mirija, upepo wa barabarani unapita nje kati ya vibati, na joto linahama kutoka upande mmoja kwenda mwingine bila hewa hizo mbili kuchanganyika. Intakula nzuri inaondoa kama robo tatu ya joto lililoongezwa na tabo. Zile nyuzi 125 zinashuka hadi 55 hivi. Haziwezi kushuka chini ya 30, kwa kuwa huwezi kupoza kitu kwa upepo ukakipita upepo wenyewe kwa ubaridi. Kuna na gharama: hewa ikijipenyeza kwenye mirija myembamba inapoteza shinikizo kidogo. Hata ukilitoa hilo, silinda yetu sasa inapata gramu 4.1 badala ya 3.5.

Injini ya dizeli yenye mzigo inahitaji takriban gramu 20 za hewa kwa kila gramu ya mafuta ili iunguze bila kutoa moshi mweusi. Hewa ikiongezeka kwa sehemu moja ya sita, pampu ya dizeli nayo inaweza kuongeza mafuta kwa sehemu moja ya sita. Injini iliyokuwa na nguvu za farasi 300 inasogea kwenye 350, na ni chuma kilekile. Lakini pasipoongezwa mafuta, nguvu haziongezeki kwa maana. Injini itapumua vizuri tu, na moshi wa ekzosi utapungua joto. Fundi anayekufungia intakula kwenye gari ambalo halikuzaliwa nayo, asiguse pampu, amekuuzia sehemu ndogo ya faida.

Kwenye injini za petroli kama Subaru zenye tundu juu ya boneti, lipo jambo jingine. Hewa ikiingia ya moto mno, mchanganyiko unaweza kulipuka wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia, na unasikia injini ikigonga. Kompyuta ikisikia hivyo inachelewesha moto wa plagi, na nguvu zinashuka. Tundu lile la boneti linapeleka upepo kwenye intakula iliyokaa juu ya injini. Ukikwama kwenye foleni, upepo hauingii, na joto la injini linaipanda kutoka chini. Ndiyo maana gari kama hilo likitoka kwenye foleni ndefu huwa zito kwa muda.

Tatizo la kawaida kabisa haliko kwenye intakula yenyewe. Liko kwenye mipira inayoiunganisha na tabo na injini. Nilipanda Kitonga siku moja ndani ya lori lililobeba saruji. Kabla ya nusu ya mlima kikasikika kishindo kidogo, halafu fyuuu, moshi mweusi ukajaa vioo vya pembeni na lori likaanza kutambaa. Utingo alishuka na kukuta mpira umechomoka kwenye shingo ya intakula, klipu imelegea. Hewa iliyoshindiliwa ilikuwa inamwagika nje, dizeli bado inaingia, na iliyokosa hewa ikatoka kama masizi. Kazi ya bisibisi na dakika kumi.

Mpira uliochanika kidogo ni mgumu zaidi kuugundua, kwa sababu mpasuko hufunguka tu upepo ukija kwa nguvu. Tafuta alama nyeusi yenye mafuta karibu na klipu. Utando mwembamba wa oili ndani ya mirija ni wa kawaida, ila ukifungua mpira wa chini ikamwagika oili ya kujaza kikombe, iangalie tabo.

Halafu kuna tope na wadudu vinavyoziba vibati kwa nje. Oshea maji ya kawaida, kwa kuyasukuma kutoka upande wa injini kuja mbele. Mashine ya presha ikisogezwa karibu inalaza vibati vyote, na njia ya upepo inazibwa na aliyekuja kuizibua. Ukitaka kujua kama intakula bado inafanya kazi, endesha lori na mzigo, simama, kisha gusa kwa haraka bomba la kuingilia na la kutokea, ukivaa glavu. La kwanza lazima likushinde. La pili unapaswa kuweza kulishika.