Mkataba Uliosomeka Mtupu

Mpangaji anaskani mkataba wa nyumba, kurasa sita, anaupakia kwenye roboti ya mazungumzo na kuuliza kodi ni kiasi gani. Anajibiwa kwamba hati haina maandishi. Ajabu, maana yeye anayaona! Ila kilichomo ni picha za kurasa tu. Jaribu kuchagua neno moja kwa kipanya. Mara nyingi likigoma, faili ni la picha.

Mfumo uliotengenezwa vizuri hauishii hapo. Ukikuta kurasa hazina herufi, unazipeleka kwa programu ya kusoma picha, kama Tesseract, ambayo hufanya kazi vizuri skani ikiwa na nukta 300 hivi kwa inchi. Hata hivyo 150,000 inaweza kutoka 160,000, na hakuna kengele itakayolia. Tarakimu za fedha mtu azilinganishe na picha mwenyewe.

Kabla ya kusomwa, faili hukaguliwa. Ukubwa kwanza, tuseme mwisho megabaiti 10, na upimwe kwenye seva, kwa sababu kizuizi cha kwenye kivinjari hurukwa kirahisi. Halafu aina. Jina `mkataba.pdf` halithibitishi chochote: PDF halisi huanza na `%PDF-`, programu ya Windows huanza na `MZ`. Mwanzo usipolingana na jina, faili linakataliwa. Lakini hata PDF halali inaweza kubeba msimbo wa hila, ndiyo maana hufunguliwa kwenye sehemu iliyotengwa, isiyo na mtandao.